Dakika Kumi Kwenda Burundi

Speciosa alikuwa na laini moja ya simu kwa miaka kumi na moja, na hakuwa tayari kuiacha kwa lolote. Watu wa Bukiriro, kijijini kwake, walimcheka. Yeye ndiye muuza laini, kibanda chake kimejaa laini mpya, kila moja na ofa yake ya siku saba za mwanzo, na bado anang'ang'ania ile ya kwanza kama bibi na sufuria yake. Alijua kuwa laini isipotumika miezi mitatu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Kwa hiyo hata miezi ya njaa, hata mwaka alioumwa akalazwa, alihakikisha kuna vocha ya mia tano imeingia humo.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mtu mmoja aitwaye Leonidasi.

Walikutana Lukole, kambi ya wakimbizi wa Burundi, wakati ilikuwa kubwa kuliko mji wowote wa Ngara. Speciosa alikuwa binti wa Kihangaza aliyemaliza kidato cha nne, akaajiriwa kuwa mkalimani pale chakula kinapogawiwa. Mzungu anasema Kiingereza, yeye anakigeuza Kirundi kwa kipaza sauti: familia ya watu watano, unga kiasi hiki, maharage kiasi hiki. Kirundi hakikumpa tabu, maana chenyewe na Kihangaza cha kwao ni ndugu wa tumbo moja. Leonidasi alikuwa fundi redio mwenye meza yake kwenye soko la kambini, mtu wa Giteranyi, mkoa wa Muyinga kule Burundi, mpole, mwenye mazoea ya kuinamisha kichwa anaposikiliza, mtu au redio ni sawasawa. Walikaa pamoja miaka miwili katika chumba cha udongo nje kidogo ya kambi. Mahari haikutolewa, alisema atakwenda kwanza kuangalia shamba la baba yake, auze kipande, arudi na mbuzi mbele ya wazee kama mwanamume.

Akapanda lori la wanaorudi kwao Agosti 2005. Namba ya Speciosa aliiandika kwa kalamu ya wino ndani ya jalada la kitabu chake cha sala, akaisoma kwa sauti mara mbili ili asikosee.

Mwaka uliofuata namba za simu za nchi nzima zikabadilishwa vianzio. Ya Speciosa ilianza na 0744, ikawa 0754. Tarakimu moja tu, nne ikageuka tano. Tangazo lilitoka redioni na kwenye magazeti, kwa Kiswahili na Kiingereza, na halikuvuka mpaka. Speciosa alilijua hilo tangu siku ile ile. Alituma barua mbili na watu waliokuwa wakirejea Muyinga, na hakuna iliyojibiwa. Kumfuata mwenyewe hakuthubutu. Mwanamke hamfuati mume ambaye hajamtolea mahari, mama yake, Francisca, alisema, na Speciosa aliona mama ana haki, ingawa moyo haukukubali. Ila laini hakuiacha. Kama tano ingeweza kuingia mahali pa nne, huenda siku moja mtu angemwambia Leonidasi.

Basi mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, na watu wakaanza kumiminika Ngara kama zamani, magodoro kichwani. Serikali na mashirika wakafungua kituo cha mapito kando ya barabara, mwendo wa dakika ishirini kutoka kibandani kwake. Watu hukaa pale siku chache, wakiandikishwa na kupimwa, kisha mabasi huwachukua kwenda kambini Nduta, kule Kibondo. Kila aliyefika alitafuta kitu kimoja baada ya maji: simu ya kupiga nyumbani. Na kupiga Burundi kwa bei ya kawaida kulikuwa ni kuchoma vocha. Mtu anakwangua elfu moja, anasema "ni mimi, nimefika," na simu imekatika.

Jumatano moja ya Novemba, Ansbert akafika kibandani na pikipiki iliyotapakaa tope mpaka kwenye taa. Alikuwa kijana wa Nyamigogo, kule Biharamulo, ofisa mauzo wa kampuni ya simu, msafi wa moyo na mwenye haraka siku zote.

"Shikamoo dada Speciosa."

"Marahaba. Umelala wapi na tope hilo?"

"Nimetoka Biharamulo alfajiri. Dada, nina kazi ya kichwa, si ya vocha." Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Makao makuu wameleta kifurushi cha kupiga Burundi. Ujumbe huu hapa, kwa Kiingereza. Wanautaka kwa Kiswahili na Kirundi. Utatumwa kwa simu zote zinazoshika minara ya huku, halafu utachapwa kwenye mabango ya kubandika vibandani. Nimeuliza kila ofisi ya Ngara, na wote wametaja jina lako."

Speciosa alisoma. Ujumbe ulikuwa mfupi, lakini Ansbert alikuwa na maagizo marefu kuliko ujumbe wenyewe. Kila lugha isizidi herufi mia na sitini, nafasi na nukta zikihesabiwa, maana ukizidi unakatika na kuwa jumbe mbili. Na jambo la pili alilisema akiwa ameinua kidole: "Maneno geuza upendavyo. Ila namba, na nyota, na reli, na bei, usiguse. Vibaki kama vilivyo, hata koma."

"Nilitafsiri mgao wa chakula miaka minne," Speciosa akamjibu. "Unafikiri ningegeuza kilo mbili kuwa tatu kwa sababu tatu inapendeza mdomoni?"

Ansbert akacheka, akaahidi kurudi Ijumaa, akaondoka.

Kiswahili kilimchukua muda wa kuchemsha chai. Aliandika: *Ongea na Burundi! Piga *163*44# kisha chagua 3. Dakika 10 kwa Sh1,500, saa 24. Msaada piga 100. Vigezo na masharti kuzingatiwa.* Akahesabu herufi kwa ncha ya kalamu, akabakiza nafasi. Lakini Kirundi aliona asikiandike peke yake. Kihangaza na Kirundi ni ndugu, ndiyo, lakini ndugu nao hutofautiana wanavyoita vitu vipya, na aliyetoka Burundi jana anajua wanavyosema leo. Alasiri akaenda kituoni kumtafuta mtu wa kumsaidia, na walinzi wakamwonyesha Kwizera.

Kwizera alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye koti la suti juu ya kaptula, kwa sababu suruali ilichanika njiani. Alikuwa amefika peke yake. Mke wake alibaki nyuma kumuuguza mama yake, na tangu avuke hakuwa amepata habari zake. Alipoambiwa kuna kazi ya kuandika, uso wake ulifunguka.

"Mama, tangu nifike hapa nimeandikwa tu," alisema. "Nipe niandike na mimi."

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, akaja kibandani kwa ruhusa na karatasi yake imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Kirundi kilikuwa kizuri mno. Lakini Speciosa alipofika katikati akasimamisha kidole.

"Mwalimu, reli iko wapi?"

"Reli gani?"

"Hii alama ya mwisho, baada ya arobaini na nne."

"Ile ngazi ndogo? Nimeiondoa. Haisomeki, haina sauti. Nilidhani ni pambo la wachapaji."

Speciosa hakubishana. Akachukua simu yake, akabonyeza nyota, 163, nyota, 44, akaishia hapo, akapiga. Simu ikahangaika kama inampigia mtu, kisha ikakata. Akarudia, safari hii akaweka reli mwishoni. Papo hapo kioo kikafunguka orodha: moja, vifurushi vya ndani, mbili, intaneti, tatu, Burundi.

"Ahaa," Kwizera akasema taratibu. "Kumbe ndiyo inayofunga mlango wa sentensi."

"Ndiyo. Bila hiyo simu haijui kwamba umemaliza. Na hapa, kwenye bei. Umeandika faranga."

"Nimewasaidia. Mrundi hajui shilingi elfu moja na mia tano ni kitu gani. Nimeulizia kwa wabadilisha fedha wa mpakani Kabanga, nikapiga hesabu."

"Faranga ya leo si ya kesho. Na angalia." Akabonyeza tatu, akamgeuzia kioo. Pale paliandikwa Sh1,500. "Mtu amesoma kwenye bango namba moja, anafika hapa anakuta nyingine. Atasema nini?"

"Atasema anaibiwa."

"Na ataondoka bila kumpigia mama yake."

Kwizera akachukua kalamu, akafuta faranga yake kwa mstari mmoja ulionyooka, kama anavyosahihisha daftari la mtoto ambaye hataki kumuumiza. Wakaja kwenye saa ishirini na nne, ambazo yeye aliziita siku moja. Speciosa akamweleza kuwa anayenunua saa nane mchana anazo mpaka saa nane mchana ya kesho. Ukimwambia siku moja atadhani zinakufa jua likizama, ataharakisha maneno. Wakarudisha *amasaha 24*. Neno la kubonyeza, Kwizera akaliweka *fyonda*, na Speciosa akalipenda, kwa sababu yeye angeandika la Kihangaza na watu wangecheka.

Walipomaliza, Kwizera akaenda kuota jua kwenye benchi la nje, na Speciosa akaanza kunakili zote mbili kwa usafi. Wateja hawakuwapo. Akafika mahali pa *Msaada piga 100*.

Ansbert alikuwa amesema neno jana ambalo halikumtoka: ujumbe utakwenda kwa simu zote zinazoshika minara ya huku. Speciosa aliijua minara ya mpakani. Haina uzio. Ukipanda kilima upande wa Murusagamba simu yako inakamata mtandao wa Burundi na kukukaribisha nchi ambayo hujaingia; na wa kule hali kadhalika. Wafanyabiashara wa Muyinga walikuwa na laini za Tanzania mifukoni. Mabango yangefungiwa sabuni na chumvi, yangevuka. Kwa mara ya kwanza maneno yaliyotoka mkononi mwake yangefika lilikokwenda lile lori.

Mkono ukaandika sifuri, saba, tano, nne. Ukaendelea mpaka namba yake ikakamilika, mahali pa mia moja, katika nakala ya Kirundi.

Aliiangalia. Ilikaa vizuri pale. Hakuna ambaye angejua. Ansbert hakijui Kirundi, na namba ni namba. Leonidasi angeweza kuisoma ukutani kwenye duka fulani, akainamisha kichwa, akasema hii mbona naifahamu isipokuwa hapa kwenye tano.

Kisha akilini akamwona mtu mwingine. Mwanamke wa kule kituoni, ambaye pesa yake imekatwa na dakika hazijaingia, anapiga namba ya msaada, anaangukia kwa muuza vocha wa Bukiriro ambaye hana la kumfanyia. Yeye alijua mtu akipewa namba isiyo sahihi anavyokaa nayo. Alikuwa amekaa upande wa pili wa namba kama hiyo miaka tisa.

Akaifuta mpaka karatasi ikatoboka.

"Namba ya nani hiyo?" Kwizera aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, na mwalimu huona yaliyofutwa kabla ya yaliyoandikwa.

Speciosa alitaka kusema ni ya mteja. Lakini mtu yule angepanda basi wiki ijayo asionekane tena, na pengine ndiyo maana ilikuwa rahisi. Akamwambia yote: Lukole, redio, kitabu cha sala, nne na tano. Kwizera alisikiliza bila kumkatiza.

"Mimi ni wa huko huko Muyinga," alisema mwishoni. "Huyo simjui, nisikudanganye. Lakini katekista wa Giteranyi namjua, anaitwa Celestini, na katekista anamjua kila aliyebatizwa na kila aliyekataa. Namba yake ninayo. Nilikuwa nataka kumpigia anitafutie mke wangu. Ila kwa bei yenu ya kawaida nimeshindwa hata kutoa salamu ya mwaramutse."

Ijumaa Ansbert akaja. Akazisoma karatasi, akahesabu herufi, akalinganisha namba na bei na zile za Kiingereza, moja moja, kidole kikitembea. Akaridhika, akataka kuondoka. Speciosa akamzuia.

"Bado. Kabla hamjazituma, mtu anunue kifurushi kwa kufuata maneno haya tu. Asiyejua chochote. Kama kuna kosa, litaonekana leo kwa mtu mmoja, lisionekane Jumatatu kwa maelfu."

"Kimefunguliwa tayari, naweza kununua mimi."

"Wewe unajua. Mpe Mwalimu."

Ansbert, ambaye hakuwa mchoyo, akakwangua vocha za elfu moja na nusu kwa fedha yake, akaziingiza kwenye simu ya Speciosa, na Kwizera akakaa kwenye kigoda na karatasi ya Kirundi gotini kama mwanafunzi wa mtihani. *Fyonda.* Nyota, moja, sita, tatu, nyota, nne, nne, reli. Tatu. Ikaja meseji: umepata dakika 10 kwenda Burundi, mwisho kesho saa hizi hizi. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

"Sasa mpigie mtu," Ansbert akasema, "tuone kama zinafanya kazi kweli."

Kwizera alimtazama Speciosa. Speciosa akaitikia kwa kichwa: piga.

Celestini alipokea simu ilipolia mara ya pili. Kwizera alisema kwa haraka na kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wanaozungumza kuvuka bonde. Halafu akanyamaza, akisikiliza, na machozi yakaanza kumteremka bila kujificha. Mke wake yuko hai. Mama mkwe amezikwa Jumapili. Mke anatafuta njia ya kuja. Dakika ya nne ilipokaribia kwisha, akajifuta uso kwa kiganja na kusema, "Kuna jambo jingine, Katekista. Fundi redio, Leonidasi, aliyekuwa Lukole."

Speciosa alishika ukingo wa meza. Aliisikia sauti ya mbali ikisema neno refu, na Kwizera akaitikia e, e, e, kisha akakata.

"Anamjua. Yuko hai. Ana kibanda cha redio na simu karibu na parokia. Kesho saa nne asubuhi Katekista atakuwa naye kwenye simu."

Ansbert akauliza kuna nini, lakini haraka yake ilimshinda. Akazikunja karatasi zake, akawasha pikipiki.

Usiku ule Speciosa hakumwambia mama yake kitu. Jumamosi alifungua kibanda mapema, akavaa kitenge cha kanisani, akajiona mjinga, akavaa koti juu yake. Dakika tano na sekunde kadhaa zilikuwa zimebaki, mwisho wake saa nne na robo. Saa nne kamili akapiga.

"Bado hajafika, mama," Celestini alisema kwa upole. "Nimemwambia saa nne."

"Na sasa ni saa nne."

"Hapana, mama. Huku kwetu ni saa tatu."

Alikuwa amesahau. Vilima vile vile, unaona moshi wa jikoni kwao ukisimama kwako, na bado kati yenu pana saa nzima. Aliisahihisha kila namba ya tangazo lile, akaisahau hiyo kwa sababu haikuandikwa popote. Robo saa ikapita, meseji ikaja kumwarifu kuwa kifurushi chake kimekwisha muda, na zile dakika zikaenda na maneno yake yote ndani.

Akakwangua vocha nyingine kutoka kwenye akiba ya kuuza, akanunua upya, akakaa. Wateja wawili walikuja, akawaambia hana chenji. Saa tano kamili akapiga.

"Allo," ikasema sauti.

Ilikuwa imezeeka kidogo, kama redio iliyokaa kwenye vumbi. Speciosa alijua kuwa kule upande wa pili kichwa kimeinama.

"Ni mimi," akasema.



"Speciosa. Nilikupigia," Leonidasi akasema kwa Kiswahili cha Lukole. "Mnara ulipofika kwetu, mwaka 2007. Niliuza jogoo nikanunua vocha. Yule dada wa kwenye simu akaniambia namba unayopiga haipo. Nikapiga siku nyingine, na nyingine. Nikadhani umetupa laini."

"Sikuitupa. Ile nne iligeuka tano. Walibadilisha nchi nzima."

"Tano?"

"Sifuri saba tano nne. Nyingine zote ni zile zile."

"Tano," alisema tena, kana kwamba ni neno la lugha ambayo hajawahi kujifunza. Halafu akasema, polepole, "Ningeweza kuja kwa miguu. Ni siku moja na nusu. Niliogopa kukuta mlango umefungwa. Na shamba la baba nililikuta lina mtu mwingine, tukaenda mahakamani miaka minne. Ningekuja na nini? Sikuwa hata na mbuzi mmoja."

"Nani alikuambia nataka mbuzi?"

"Mama yako."

Leonidasi akacheka, na Speciosa akacheka, na kile kicheko cha Leonidasi ndicho kilichomwangusha, kwa sababu hakikubadilika hata kidogo. Ndipo Leonidasi akamwambia, bila kuzunguka, kwamba alioa mwaka 2009. Mke anaitwa Adelfina. Watoto watatu. Anawaza kuvuka nao kama mambo hayatulii, lakini mke ni mjamzito na njia ni mbaya.

"Mkivuka," Speciosa alisema, na akashangaa sauti yake imetulia, "msipite porini. Piteni Kabanga mchana. Kituoni wanatoa uji kwa wajawazito, mkeo awaambie mapema. Waandikisheni watoto wote siku moja, msiwatenganishe kwenye karatasi."

"Bado unagawa chakula."

"Leonidasi, barua zangu mbili..."

"Barua zipi?"

Basi hazikufika. Alitaka kumwambia zilisema nini, alikuwa bado anazikumbuka, neno kwa neno. Alianza: "Katika ile ya kwanza nilikuambia kwamba—"

Simu ikakata. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha, na salio halikuwa na hata shilingi ya kuendeleza sentensi.

Mezani palikuwa na bunda la vocha ambazo hazijakwanguliwa. Speciosa alichukua moja, akaweka ukucha juu ya ule utepe wa fedha. Alikaa hivyo muda mrefu. Ile barua ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa miaka thelathini na mmoja kwa mwanamume asiye na mke, na sasa hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa kwenye simu. Akairudisha vocha kwenye bunda.

Baada ya muda meseji ikaingia. Namba ilianza na 257, ya Burundi. *Nimeandika tano. L.*

Jumatatu saa tatu asubuhi simu zote za Bukiriro zililia kwa pamoja, sokoni, shambani, kanisani. Ujumbe umefika. Kufika adhuhuri palikuwa na foleni kibandani mpaka barabarani, watu wa kituoni na vipande vyao vya karatasi, wakibonyeza nyota, wakibonyeza reli, wakisoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Hakuna aliyerudi kulalamika kuhusu bei. Bibi mmoja aliongea na mwanawe dakika zote kumi kuhusu ng'ombe mmoja. Speciosa aliwaambia wote, mmoja mmoja, jambo ambalo halikuwa kwenye tangazo: mkipanga saa na wa kule, kumbukeni wao wako nyuma saa moja.

Kwizera alipanda basi la Nduta siku ya Alhamisi. Speciosa alimletea suruali ya marehemu baba yake na laini mpya, akamwandikia namba yake kwenye kipande cha boksi.

"Utampigia tena?" Kwizera aliuliza kupitia dirishani.

"Ana mke, Mwalimu."

"Sikuuliza hilo."

Basi likaanza kusogea, na Speciosa akainua mkono kumuaga.

Jioni hiyo alimkuta mama yake akichambua maharage uani. Akakaa chini, akachukua konzi yake, akaanza kutoa mawe.

"Leonidasi yuko hai," alisema.

Mikono ya Francisca ikasimama. "Atakuja?"

"Ana watoto watatu. Wa nne njiani. Wanaweza kupita hapa, kama hali ikizidi."

Mama akatupa jiwe moja pembeni. Alikuwa mzee, na kuna maneno aliyokuwa amekaa nayo miaka mingi kuhusu mahari na heshima, na huenda alikuwa anayapima sasa mojamoja. Mwishowe akasogeza ungo karibu na binti yake.

"Tuchambue mengi basi," alisema. "Watoto watatu wanakula."

Speciosa akainamia ungo. Akalia hapo, taratibu, bila kuficha uso, na mikono yake iliendelea kutafuta mawe.